Septemba katika barua ya avansi

Wiki iliyopita kifungua mimba wangu, ambaye ameanza kazi juzi tu, aliniuliza: "Mama, barua ya kuomba avansi inaanzaje?" Nikamjibu kwamba mwanzo wake ni mwepesi, heshima kwa Bwana Mkurugenzi na marejeo ya mkataba, na kwamba kazi iko katikati, kwenye jedwali la makato. Tangu hapo nimekuwa nikiikumbuka barua yangu ya Machi 2023.

Tulikuwa tunahamia Kampemba, hapa Lubumbashi, na mwenye nyumba alitaka garanti ya miezi minne, yaani dola 600, kabla ya kutoa ufunguo. Mshahara wangu neti ulikuwa dola 420. Sikuomba akonti, kwa kuwa akonti ni malipo ya siku ambazo mtu amekwisha kuzifanyia kazi, nayo humalizika mwisho wa mwezi uleule. Niliomba avansi, fedha za kazi ambayo bado haijafanyika, na kwa sababu hiyo mwajiri ana haki ya kujua zitarudi lini na kwa kiasi gani kila mara.

Niliiandika kwa Kifaransa, kama desturi ya ofisi zetu. Aya yake ya kati ilisema hivi: "Ninaomba avansi ya dola 600. Ninakubali ikatwe kwenye mshahara wangu neti, baada ya kodi ya IPR na mchango wa CNSS, kama ifuatavyo: mwisho wa Aprili, Mei, Juni na Julai, dola 120 kila mwezi, mwisho wa Agosti, dola 80, mwisho wa Septemba, dola 40. Makato yote yahesabiwe kwa dola, hata mwezi ambao mshahara utalipwa kwa faranga. Nikiacha kazi kabla ya hapo, deni lililobaki litolewe kwenye hesabu yangu ya mwisho."

Mhasibu wetu, mzee ambaye hakuna aliyemwita kwa jina bali Papa tu, aliniita ofisini kwake kabla ya kuipeleka juu. Aliiweka barua mezani, akavaa miwani, akashusha kalamu polepole kwenye tarakimu, mwezi baada ya mwezi, midomo ikijumlisha bila sauti. Alipofika 600 alitikisa kichwa kukubali, kisha kalamu ikarudi Agosti na kusimama hapo.

"Mama, kwa nini usiweke 100 mara sita? Kila mtu huandika hivyo, na mimi nakata bila kufungua barua tena."

"Papa, mwanzoni mwa Septemba watoto wawili wa sekondari wanadaiwa minervali ya shule. Mshahara wa Agosti ndio unaolipa. Ukinikata 100 hapo, nitarudi kwako kuomba nyingine."

Hakujibu upesi. Alichukua karatasi chakavu, akaandika 420, akatoa 120, akapata 300. Akaniuliza kodi ya nyumba mpya ni kiasi gani, nikamwambia 150. Akatoa tena. Aliitazama ile 150 iliyobaki muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa ambacho si chake, na mimi nilihisi kwamba sasa anajua juu ya chungu changu kuliko jirani yeyote. "Na baba watoto anachangia?" akauliza. Nikasema ndiyo, kidogo. Hapo ndipo aliposaini.

Mengine yalikwenda haraka. Mkurugenzi alikubali dola 500 tu. Mia moja iliyopungua niliipata kwenye likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, ya wanawake wa mtaa. Mimi nilidhani Papa angegawa upya kiasi hicho kwa miezi sita iliyo sawa, lakini yeye alikata mkiani: 120 mara nne zikabaki, Agosti ikawa 20, Septemba ikafutwa kabisa. Alinirudishia nakala yenye jedwali jipya niisaini, na kila mwisho wa mwezi nililinganisha nakala hiyo na mstari wa avansi kwenye karatasi ya mshahara: 380 iliyobaki, 260, 140, kisha 20. Mwenzangu mmoja, ambaye avansi yake ilikubaliwa kwa mdomo, alikatwa mwezi mmoja zaidi, na hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Huyo mwenzangu, ingawa hasara ilimpata yeye, bado ananilaumu. Anasema jedwali lisilo sawa linamfungulia bosi mlango wa nyumba yako, na kwamba Mkurugenzi alipunguza mia moja kwa sababu aliona nimebanwa sana, akaogopa. Huenda ni kweli; sababu ya ile 500 haikuandikwa popote. Mwanangu nimempa jedwali langu alitazame, ila yeye hana mtoto wa sekondari, na huenda 100 mara sita zikamtosha.