Kundi zima linatupa mimba baada ya mafuriko: vile tulishughulikia mizoga Garissa 2006

Naandika hii kwa sababu kila mvua kubwa ikinyesha huku kaskazini mashariki watu huniuliza maswali yale yale, sasa afadhali nieleze mara moja vile tulifanya ile Desemba ya 2006 na mwanzo wa 2007 wakati Homa ya Bonde la Ufa iliingia Garissa. Mimi wakati huo nilikuwa msaidizi wa mifugo, kazi ni kuzunguka kwa mabwawa na manyatta na begi la dawa, na barabara zenyewe zilikuwa zimekatika kwa maji.

Kwanza mjue inavyoanza. Ugonjwa huu haukuja na ng'ombe wa kununuliwa wala upepo. Kule kwa mabonde yale madogo ambayo maji husimama, kuna aina ya mbu anaitwa Aedes anataga mayai kwa udongo unyevu, na virusi vinaweza kuwa tayari ndani ya yai. Mayai yanakaa kwa udongo mkavu miaka hata miaka yakingoja mafuriko, siku maji yakijaa na kusimama, mbu wanaanguliwa wengine wakiwa na virusi tayari, wanauma kondoo, halafu mbu wa kawaida wa maji machafu, Culex, wanazaana na wanasambaza kwa wingi. Ndio maana inakuja mara moja na kwa nguvu, wiki kadhaa baada ya mvua, na ndio maana katikati ya milipuko miaka inapita watu wanasahau kabisa. Ya kabla ya hiyo yetu ilikuwa 1997 na 1998, ile ya El Niño.

Kundi ambalo nalikumbuka vizuri lilikuwa la mzee mmoja, kondoo na mbuzi kama mia na kitu, kondoo wengi walikuwa na mimba. Alinitumia kijana akaniambia njoo uone, wanatupa. Nilipofika nikauliza kitu kimoja kwanza kabla ya kugusa chochote, nikamuuliza, "Adeer, wanaotupa ni wa mimba kubwa tu au wote?" Akaniambia wote, wenye mimba changa, wenye mimba ya katikati, hata wale walikuwa karibu kuzaa, na wana-kondoo waliozaliwa wiki ile wanakufa hata siku mbili hawamalizi. Hapo roho ikashtuka. Maana brusela, ugonjwa mwingine wa kutupa mimba, ikiingia kwa kundi, kwa kawaida unaona mmoja leo mwingine baadaye, na mara nyingi mimba iliyokomaa. Hii ilikuwa karibu wote kwa wakati mmoja, mimba za kila umri, pamoja na vifo vya wachanga, na mbu jioni walikuwa wengi mpaka huwezi kuongea bila kumeza mmoja. Kondoo wakubwa wachache nao walikuwa wamekufa, wengine damu puani. Mbuzi waliumia kidogo kuliko kondoo. Ngamia wa jirani walitupa mimba lakini ukiwaangalia unaona wako sawa tu.

Ini ndio lingenithibitishia, kwa sababu kwa kijusi au mwana-kondoo aliyekufa na homa hii ini linakuwa limevimba, laini la kuvunjika kwa vidole, rangi ya manjano manjano na madoa ya damu. Lakini sikupasua. Vijana walinishangaa, daktari gani haangalii ndani. Sababu ni mbili. Damu na viungo vya mnyama mwenye homa hii vimejaa virusi, na pili mnyama akifa ghafla na damu puani hujui kama si kimeta, na kimeta ukifungua mzoga umeshamwaga mbegu zake kwa udongo zikae miaka. Nilichofanya ni kupima joto la walio hai, wale wa digrii 41 na kuendelea ndio nikatoa damu, kwa sababu virusi viko vingi kwa damu wakati homa iko juu, ukingoja ikishuka maabara inatafuta kingamwili badala ya virusi. Chupa zikafutwa nje na klorini, zikafungwa ndani ya plastiki mbili, kwa kasha la barafu, zikaenda Nairobi na gari la kwanza lililopata njia.

Sasa majibu yalikuwa bado, na hapa ndio kazi ilikuwa. Watu wengi wanafikiri hatari ni mbu. Mbu ni hatari ndio, lakini watu walioumia sana kwetu walikuwa wale wa kuchinja, kuchuna, kuvuta kijusi kimekwama na kubeba mizoga. Na kwa mfugaji, mnyama akianza kulegea kitu cha kwanza ni kisu, umuwahi kabla hajafa, maana akifa bila kuchinjwa ni nyamafu, ni haramu, na ni hasara. Yaani ule wakati virusi viko vingi zaidi kwa damu ndio wakati mtu anamkata shingo mikono mitupu. Serikali baadaye ilipiga marufuku uchinjaji na kufunga masoko, lakini mwanzoni hakuna tangazo lililokuwa limefika.

Ukisema tu "msichinje" hakuna atakayekusikia. Nilienda kwa imamu kwanza, nikamweleza kwamba mnyama huyu damu yake inaua, akasema mwenyewe baada ya swala kwamba kitu chenye madhara hakiliwi hata kikichinjwa sawasawa, na kwamba kuzika si israfu. Halafu kitu cha pili, mzee aliona mwenyewe kwamba kijana aliyelala na homa ni yule yule aliyekuwa anashika kisu, na wa kulisha tu kundi walikuwa wazima. Hiyo ilimaliza ubishi kuliko maneno yangu yote.

Tukakubaliana watu wawili tu ndio wanashika mizoga na vijusi, wengine wote pamoja na watoto wanakaa mbali, na wanawake wenye mimba hata boma la waliotupa hawaingii. Vifaa sikuwa navyo vya kutosha. Nilikuwa na glavu za daktari, zile nyembamba, zinapasuka kwa kwato haraka, kwa hivyo tulivaa mbili mbili na juu yake mfuko wa plastiki umefungwa kwa mkono na mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa. Gambuti. Koti la mvua lililovaliwa nyuma mbele, kifua kisilowe. Kitambaa puani na mdomoni, na miwani yoyote, hata ya jua, kwa sababu damu ikiruka inaingia kwa jicho. Mwenye kidonda mkononi alitoka kwa hiyo kazi hapo hapo.

Ya klorini nieleze polepole maana hapa watu hukosea. Jiki ya dukani, ile ya asilimia 3.5, unachukua kikombe kimoja unaongeza vikombe sita vya maji, hiyo inakupa asilimia 0.5, ya gambuti, sehemu damu imemwagika, kamba na koleo. Hiyo si ya ngozi. Ya kunawa mikono unaipunguza tena mara kumi, kikombe kimoja cha hiyo uliyochanganya na tisa za maji, au sabuni na maji mengi tu inatosha, virusi hivi vina utando wa mafuta sabuni inavivunja. Na jiki haifanyi kazi juu ya damu nene na matope, uchafu unaila nguvu, kwa hivyo kwanza osha na sabuni halafu ndio umwagie klorini na uiache dakika kumi hivi. Changanya ya siku hiyo tu, ya jana mwaga, na chupa isikae juani.

Kuzika ndio kulitusumbua kuliko yote. Wanasema shimo la mita mbili mbali na maji, sasa uko kwa udongo mweusi uliolowa, ukichimba magoti tu maji yanajaa. Tulitafuta kichuguu kikubwa cha mchwa, ardhi hapo iko juu na ngumu, tukachimba ubavuni mpaka mahali palipokuwa pakavu, tukahakikisha juu ya mizoga inabaki mita moja ya udongo, halafu miiba mingi juu fisi na mbwa wasifukue. Mzoga hauburuzwi, unabebwa kwa turubai, na vijusi na kondo la nyuma vinaokotwa kwa koleo pamoja na udongo wa juu uliolowa damu. Hakuna kuchuna ngozi. Hapo mzee aliumia, ngozi ni pesa, lakini kuchuna ndio kukumbatia damu kabisa.

Yule kijana aliyekuwa anachinja alipewa dawa ya malaria, homa haikushuka. Kichwa, mgongo, macho kuuma. Nilimwambia mama yake akifika kliniki neno la kwanza aseme huyu ameshika damu ya kondoo waliotupa mimba, asingoje kuulizwa, maana homa hii mwanzo wake inafanana na malaria kabisa na inaanza siku mbili hadi sita baada ya kushika. Dawa maalum haina, wanakutunza tu, lakini wakijua wanaangalia fizi na pua kutoka damu, macho kuwa manjano, kutapika damu, kuchanganyikiwa. Yeye homa ilikwisha, wengi inaisha hivyo, lakini wiki kama mbili baadaye akaanza kusema katikati ya jicho moja kuna kivuli, anaona pembeni tu. Kwa hivyo mtu akipona msimwache, macho yanaweza kuharibika wakati mnafikiri imeisha. Kenya peke yake mlipuko ule waliandikishwa wagonjwa 684 na 155 wakafariki, na hao ni wale waliofika kujulikana, wengi wao wakiwa wamezidiwa.

Kutoka mtu hadi mtu hatujaona ikienda, kwa hivyo kumtenga mgonjwa kama mkosi hakuna haja. Maziwa tulichemsha yote.

Kuhusu chanjo, wafugaji walitaka nidunge kundi lile lile siku ile ile. Nilikataa. Kundi likishaingiwa, sindano moja ikipita kutoka kondoo hadi kondoo ndio unasambaza mwenyewe, na ile chanjo ya zamani yenye virusi hai waliopunguzwa nguvu inaweza kufanya kondoo mwenye mimba atupe au azae kilema. Chanjo ni ya makundi ambayo hayajafikiwa, sindano mpya kila mnyama, na bora zaidi ni kabla ya mvua, kondoo wakiwa hawajapandwa. Shida ni kwamba miaka ya ukame hakuna anayetaka kulipia chanjo ya ugonjwa ambao mara ya mwisho aliuona akiwa mtoto. Siku hizi watu wa hali ya hewa wakitangaza El Niño mimi nahesabu kwanza kondoo wangapi wana mimba, halafu naenda kuuliza ofisi kama chanjo ipo, na kama haipo nawaambia watu wahamishe kundi kwenda miinuko mbali na mabwawa kabla maji hayajasimama, na kila boma liwe na jiki, glavu na koleo tayari.