Nilivyofungua UMITASHUMTA ya wilaya kwa hotuba ya dakika tatu

Barua ya kuniomba niwe mgeni rasmi wa mashindano haya ya michezo ya shule za msingi ilikuja na hotuba yake, kurasa tano, imeshachapwa. Niliisoma nyumbani kwa sauti nikitazama saa: dakika 14. Spika za uwanjani zina mwangwi, inabidi usome polepole, kwa hiyo ingefika 18. Enzi zangu za ualimu nimeshasimama na watoto kwenye gwaride la namna hiyo. Watatu walidondoka kwa jua hotuba ikiwa nusu.

Nikaandika yangu, ukurasa mmoja. Kilichokula nafasi kubwa kwenye ile ya kwanza ni majina na vyeo vya watu 11. Nilimwomba mshereheshaji awatambulishe wote kabla sijapanda jukwaani, nami nikasema tu: "Ndugu Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa." Hakuna aliyenuna.

Kisha nikawageukia watoto. Mstari wa mbele alikuwepo binti aliyeshika kibao cha shule yake, miguu mitupu, anabadilisha mguu huu na ule kwa joto la ardhi. Nikamtazama yeye nikiongea.

"Hamjambo wanangu?"

"Hatujambo, shikamoo!"

"Marahaba. Mwaka 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alikimbia marathoni ya dunia. Yeye na Mjerumani walifika kwenye utepe pamoja, wote saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi waamuzi watazame picha. Simbu alikuwa mbele kwa kifua tu, akaleta dhahabu Tanzania. Kwa hiyo leo asipunguze mtu mwendo kabla hajavuka mstari. Na atakayeanguka, ainuke amalizie, tutampigia makofi kama wa kwanza."

Kelele zilizofuata zilinipa nafasi ya kuvuta pumzi.

Sehemu ngumu ilikuwa kujibu risala. Risala iliomba mipira na choo cha uwanjani. Hapa ndipo wageni rasmi wengi huharibu, wanaahidi kila kitu kwa sababu ya makofi, na mwakani risala inasomwa ileile. Mipira sita nilikuja nayo kwenye gari, nikaikabidhi palepale. Kuhusu choo nilisema ukweli kwamba sina fedha hizo, ila risala nitaipeleka mwenyewe ofisi ya mkurugenzi wiki hiyo, na mwalimu wa michezo twende wote. Jumatatu tulikwenda.

Nikamalizia na lile tamko ambalo halirukwi, kwani bila hilo mashindano hayajaanza: "Sasa natamka rasmi kwamba mashindano haya yamefunguliwa." Dakika tatu na kidogo. Filimbi ikalia, yule binti akaegesha kibao chake kwenye nguzo ya goli, akakimbilia kwenye mstari wa mita 100.