Wiki Niliyoichora na Wiki Niliyoishi

Jumapili iliyopita usiku nilikaa na rula na kalamu za rangi nikachora wiki yangu yote kwenye daftari la hesabu, mistari ya nusu saa nusu saa, kijani ni kushona, manjano ni mjini, bluu ni nyumbani. Nilianza na 168, ndio saa zote za wiki, nikatoa usingizi saa 49, zikabaki 119, nikajiona tajiri wallahi. Kushona nikakupa saa 5 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, saa tatu mpaka saa sita, kisha saa nane mpaka karibu Alasiri. Jumla 30. Nilikuwa na magauni sita ya harusi ya kukabidhi Jumapili, gauni moja kwangu ni saa 5 kutoka kukata hadi pindo, sita mara tano thelathini, hesabu imekaa kama imepimwa kwa futi. Hapo ningeshtuka, maana hakuna hata kiboksi kimoja nilichoacha cheupe, lakini sikushtuka.

Kando ya kila siku niliacha safu nyingine tupu, ya kuandika kilichotokea. Hii safu ndio yenye kazi, na nilikaribia kuiharibu. Jumatatu na Jumanne niliandika pale pale kila nikiinuka kwa cherehani. Jumatano nikasema ntajaza usiku, na usiku nikaandika kwa roho safi "nimeshona saa 4 na nusu". Alhamisi natafuta meseji ya M-Pesa ya mteja, naona Jumatano saa nne asubuhi nimelipa bodaboda, saa tano na robo nimelipa muuza uzi, na saa nane na dakika kumi nimemtumia dadangu hela huku twaongea kwa simu, na dadangu haongei kidogo. Nikarudi nikahesabu upya, nilishona saa 2 na nusu. Sikukusudia kudanganya, ila kichwa hukumbuka ulichokuwa umepanga. Tangu hapo nikikosa kuandika saa ile ile naangalia simu kwanza, kumbukumbu naiacha.

Leo nimejumlisha. Kijani kilichopangwa 30, kilichotokea 19 na nusu. Nilidhani nitakuta uvivu, na kweli nimekuta saa moja, Ijumaa baada ya biriani nililala na futi shingoni. Stima ilikula saa 2. Wateja wa kuja kujaribu nguo saa 3 na nusu, kila mmoja "dakika mbili tu shoga yangu", na ukishamvika mtu gauni la pini lazima ageuke mbele ya kioo, amtumie mamake picha, mamake apige simu. Halafu feri. Nimepanga mjini mara moja, Jumanne, saa 2. Nimekwenda mara tatu kwa jumla ya saa 6. Jumanne bitana, Jumatano uzi wa rangi ya maziwa ya mgando ambao nilijua kabisa Jumanne kwamba umebaki kidogo, Alhamisi zipu mbili. Tuktuk mpaka feri, foleni, kuvuka, kisha Biashara Street kwa jua lile, zipu mbili zimenila saa 2.

Sasa kilichonishangaza. Kwa saa 19 na nusu nimemaliza magauni manne ukitoa pindo la moja. Yaani kila gauni ni saa 5 vile vile nilivyosema! Siku zote nikichelewa hujiambia mimi ni mzito wa mkono, nakadiria kazi vibaya, kumbe kadirio la gauni liko sawa, nilichokosea ni kudhani nina saa 30 za kushona. Na dawa ya makosa haya mawili si moja. Ningekuwa nimekosea gauni, ningeandika saa 7 badala ya 5. Kwa vile nimekosea wiki, kuongeza kasi hakunisaidii chochote, inabidi nipokee magauni machache.

Mawili yaliyobaki nimempa binamu yangu wa Mtongwe, amechukua faida yote na maneno juu.

Ya wiki ijayo nishaichora. Kijani ni 20 tu, kwa hivyo magauni manne, wa tano namwambia wiki inayofuata. Kujaribu nguo ni Jumatano na Jumamosi baada ya Alasiri, mjini ni Jumanne, na orodha ya uzi, zipu na bitana naiandika Jumatatu huku nimesimama mbele ya kabati, sio kwa kichwa. Alhamisi nimeiacha nyeupe kutoka saa nane. Bintiyangu ameona ile nafasi akauliza, mama hapa hukumaliza kupaka rangi? Tayari kalamu ya kijani anayo mkononi.