Hesabu ya kwenye takisi, barabara ya Bombo

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Kampala kwenda Bombo kwa dada yangu, mimi na mpwa wangu, takisi imejaa na foleni ya Bwaise imekataa kusogea. Simu yake ilizima, yangu ilikuwa na chaji kidogo nikawa naitunza. Kijana yuko mwaka wa kwanza chuoni, amebakiza wiki tano kabla ya mtihani wa somo la uhasibu, nikamuuliza tu, "Vipi masomo?"

"Mjomba niko sawa, nina kama sabini."

Sabini imetoka wapi? Akanieleza: kwizi amepata asilimia 88, kazi za nyumbani 78, na testi 40. Amejumlisha akagawanya kwa tatu, ikaja sabini kasoro. Sasa hapo ndipo roho yangu ilishtuka, maana mimi nafundisha na hilo kosa nalijua, ukigawanya kwa tatu ni kama umesema kwizi na testi zina uzito sawa, na hazina. Nikamwambia nipe uzito. Akasema kwizi zote ni 5, kazi za nyumbani 10, testi 25, jumla 40, halafu mtihani wa mwisho 60. Kupita ni 50.

Basi nikaanza kuhesabu kwa vidole, na nilimwambia tunakata kwenda chini, kila namba yenye mkia tunaukata, kwa sababu mtu akihesabu za kwake huwa anapandisha zote na mwishoni anajikuta na alama tatu ambazo hazipo. Kwizi 88 ya 5, weka 4. Kazi za nyumbani 78 ya 10, weka 7. Testi je?

"Kumi na sita."

Nusura niseme 4 na 7 na 16 ni 27, kijana yuko vizuri. Lakini nikakumbuka kuuliza, kumi na sita kati ya ngapi? Kati ya arobaini, mjomba. Ahaa, kumbe ile asilimia 40 yake ndiyo hiyo, karatasi imesahihishwa juu ya 40 lakini kwenye matokeo inabeba 25, kwa hiyo 16 ile inakuwa 10 tu. Alama sita zimeyeyuka hapo hapo kwenye kiti, na sita ndizo zinazomtoa mtu kwenye kupita zikampeleka kurudia somo.

4 na 7 na 10, 21. Ili afike 50 anataka 29 kati ya 60, karibu nusu ya karatasi. Akatabasamu, "Nusu si nyingi."

Nikamuuliza, mtihani unafanana na nini, kwizi au testi? Kwizi anafanya na simu mkononi, kazi za nyumbani anafanya na wenzake usiku kucha, ila testi alikaa peke yake na saa ukutani. Mtihani ni testi iliyorefuka. Kwa hiyo usimpe 70 kwenye mtihani, mpe 40 ile ile ya testi. Asilimia 40 ya 60 ni 24, jumlisha na 21 ni 45. Hapiti. Na hesabu ya namna hii inaweza kukosea alama mbili hivi, ingetoka 49 au 51 ningesema sijui, tungoje kikokotoo, ila 45 iko mbali na mstari.

Akanyamaza mpaka tukavuka Kawempe. Mimi nikawa nageuza ile hesabu upande wa pili: kila asilimia 10 anayopanda kwenye mtihani inamletea alama 6, wakati asilimia 10 ya kwizi ni nusu alama, na ndizo alikuwa anazikeshea! Akipanda kutoka 40 mpaka 50 anapata 30, jumla 51.

Nikamwambia, hebu nikumbushe testi yenyewe. Maswali manne ya kumi kumi: la kwanza 8, la pili 6, la tatu 2, la nne hakuligusa. Mizania ya swali la kwanza, mali upande huu, madeni na mtaji upande ule, ilikataa kulingana, tofauti ya shilingi elfu chache tu, akakaa nayo karibu nusu ya muda wote akiitafuta. Angeiacha, akaandika hata nusu nusu kwenye swali la nne akapata 4, ingekuwa 20 kati ya 40, ndiyo asilimia 50 yenyewe tunayoitafuta. Tukakubaliana pale Matugga, wiki tano zile afanye karatasi za zamani kwa saa, na mizania ikikataa dakika zake zikaisha, aache nafasi aende swali lingine.

Matokeo yalipotoka akaniandikia, "Mjomba 53." Nikamuuliza kozi waki, zile arobaini za kabla ya mtihani, imekuja ngapi, akasema 22, mimi nilikuwa nimeikadiria 21. Nikatoa haraka kichwani, 31 kwenye mtihani, halafu nikamuuliza la muhimu zaidi, kama kuna swali aliliacha wazi. Akajibu, "Hakuna. Mizania haikulingana lakini."