Chupa ya chai isiyopoza: ninavyoipima kabla ya kulipa

Nianze na ushauri unaoniudhi, maana umeuza chupa mbovu nyingi. Muuzaji anafungua chupa ya chai, anakusogezea mdomo wake sikioni na kusema, "Sikiliza dada, inavuma, hii nzima kabisa." Lakini jagi linavuma. Kopo tupu la maziwa linavuma. Sauti hiyo inatoka kwenye hewa iliyomo ndani, pale unapomimina chai. Kinachotunza joto ni uwazi mwembamba kati ya kuta mbili za chupa, uliotolewa hewa kiwandani na kuzibwa, yaani ombwe, na sikio lako halifiki huko. Ushauri wa kugusisha sumaku kwenye chupa nao ni hivyo hivyo: unaweza kukudokeza kidogo kuhusu aina ya stili, lakini kuhusu ombwe haukuambii lolote. Na "saa 24" iliyoandikwa kwenye boksi ni wino tu.

Mimi naipima kwa maji yanayochemka. Sokoni Kariakoo hakosekani mama lishe jirani mwenye birika motoni, na muuzaji asiyekubali bidhaa yake ijaribiwe namwachia. Najaza maji hadi chini kidogo ya shingo, nafunga kizibo, naisimamisha kivulini kwa dakika 10. Kisha naipapasa kuanzia chini kwenda juu, polepole, kwa nyuma ya vidole, kwa sababu huko ngozi husikia joto dogo haraka zaidi kuliko kiganja.

Chupa ya stili yenye ombwe huwa baridi mwili mzima, kama vile haina kitu ndani. Joto unalisikia shingoni tu, katika pete nyembamba chini ya kizibo, kwa sababu hapo ndipo ukuta wa ndani na wa nje vilipounganishwa, na stili yenyewe inapitisha joto. Hilo ni la kawaida, usiikatae chupa kwa sababu hiyo. Ukikuta mwili wote una uvuguvugu, basi kati ya kuta kuna hewa: ama haikutolewa kabisa, ama ilitolewa ikarudi kupitia ufa wa kulehemu. Nyingine zimejazwa sponji. Nyingine ni ukuta mmoja wa stili uliovikwa plastiki, na hizo plastiki yake huchelewa kupata joto, kwa hiyo zipe dakika 20 kabla ya kuamua. Kitako nacho usikisahau, maana baadhi ya chupa huwa baridi ubavuni na moto chini.

Ili nijue tofauti hiyo ina uzito gani, niliweka nyumbani chupa mbili za lita moja, moja yenye ombwe na nyingine yenye hewa kati ya kuta, zinazofanana kwa umbo na karibu kwa bei, nikazijaza maji ya nyuzi 95 na kuzipima kwa kipimajoto cha jikoni. Baada ya saa moja ile ya hewa ilikuwa nyuzi 81, na mtu angeinywa na kuisifu. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa kuwa saa ya kwanza kila chupa ni nzuri. Baada ya saa mbili ilishuka hadi 69. Baada ya saa sita ilikuwa 44, joto ambalo mtoto ananywa bila kupuliza, wakati ile yenye ombwe ilikuwa bado 76. Kwa hiyo usisubiri chai ipoe ndipo ujue. Uvuguvugu wa nje ndani ya dakika 10 umekwisha kukuambia.

Chupa za kioo ndani, zile za plastiki yenye maua, zina ukaguzi wake. Kioo kizuri kinatunza joto vizuri mno, na kuta zake zimepakwa madini yanayong'aa ili kurudisha joto ndani. Mulika ndani kwa tochi ya simu: mng'ao uwe sawa pande zote. Ukiona mabaka yanayopitisha mwanga, hapo rangi haikushika. Kama kitako kinafunguka kwa kuzungusha, kifungue. Chini ya kioo kuna ncha ndogo kama chuchu, ndipo hewa iliponyonywa na kioo kikazibwa kwa moto. Ncha hiyo ikivunjika hata kidogo, hewa inaingia na chupa imekwisha, ingawa kwa macho kioo ni kizima. Angalia pia kile kikombe cha mpira kinachobeba kioo. Kikilegea, kioo kinashuka, kizibo hakikigusi tena sawasawa, na chai inapenya kati ya kioo na plastiki. Chupa inayogongagonga ukiitikisa ina tatizo hilo, na mara nyingi dawa yake ni kukaza kitako tu.

Sasa kizibo, maana kwenye chupa yenye ombwe zima joto jingi linatoka kupitia mdomoni. Nachagua kizibo kinene cha kuzungusha, chenye kujazwa ndani, na mdomo mwembamba. Vya kubonyeza ni rahisi kumiminia wageni, lakini vina springi na vali, yaani mahali zaidi pa kuvujisha, na maziwa hujificha humo yakachacha. Mdomo mpana ni wa uji na supu. Ukubali kwamba utapoza mapema.

Mpira wa kizibo naukagua kwa unga wa ngano, na njia hii naipenda kuliko zote. Lowesha mpira kidogo kwa kidole, paka unga mkavu mwembamba kwenye ukingo wa mdomo, funga hadi mwisho, kisha fungua. Mpira mzima utatoka na pete nyeupe isiyokatika. Pete ikikatika, mpira haukugusa pale, na huenda umebonyea. Kisha tazama ukingo wenyewe: sehemu ambayo unga umebaki kama ulivyoupaka haikuguswa, na kama ukingo wenyewe umebonyea hapo, kasoro ni ya mdomo, hata ukibadilisha mpira utavuja. Baadaye ijaze maji ya moto robo tatu, funga, itikise mara chache na ilaze juu ya karatasi kavu. Hewa iliyobaki ndani hupanuka kwa joto na kusukuma maji nje, hivyo uvujaji ambao maji baridi yangeuficha utauona.

Kuna wanaoshauri kuweka kipande cha nailoni chini ya kizibo kinacholegea. Nilikijaribu kwenye chupa niliyokwisha kuipima kwa unga, na pete ilitoka imekatika sehemu nyingi kuliko mwanzo. Nailoni hujikunja, na kila mkunjo ni mfereji mdogo unaotoa mvuke. Isitoshe, nailoni hiyo inakaa juu ya chai ya moto. Mpira mpya ni bei ya vikombe vichache vya chai. Nenda na kizibo chenyewe ukaulinganishe, kwa maana unene ukizidi kidogo kizibo hakifiki mwisho.

Ukishapata chupa nzuri, ipashe kwanza kwa maji ya moto dakika 5, uyamwage, ndipo utie chai. Usipoipasha, ukuta wa ndani peke yake utakula nyuzi 2 au 3. Ijaze, maana nusu chupa hupoa haraka zaidi kuliko iliyojaa. Na ukiwa Nairobi au Mbeya, usishangae kuanza chini kuliko mwenzako wa Dar: huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo linganisha chupa na chupa iliyo mezani kwako, siyo na namba za mtu wa pwani.