Kumbukumbu ya mradi: tiketi za foleni zinasema nini kuhusu saa nne asubuhi

Jumamosi, mwanzo

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mradi huu ulianzia kwenye benchi. Nilimsindikiza mama kwenye kituo cha afya kupima presha, tukachukua tiketi saa 2 asubuhi, tukaitwa saa 5 kasoro. Muda wote huo nilikuwa naangalia ile mashine ya tiketi pale mlangoni nikiwaza kwamba lazima inaandika mahali fulani muda wa kila karatasi inayotoa.

Kweli inaandika. Mganga mfawidhi alinielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba jina la mgonjwa lisionekane popote, na kwa bahati tiketi haina jina. Nilipewa faili lenye safu nne tu: namba ya tiketi, `ilipotolewa`, `ilipoitwa` na `chumba`. Safu ya tatu hujazwa daktari anapobonyeza kitufe cha kuita na namba kutokea kwenye skrini ya ukumbini.

Faili linatumia saa 24, ila hapa naandika saa zetu za kawaida. Kwa hiyo saa 2:30 asubuhi ni 08:30 ya mashine. Suala hili la saa litanitesa baadaye.

Jumapili: kilele ambacho si kilele

Kitu cha kwanza kilikuwa rahisi, kuhesabu tiketi za kila nusu saa. Nimechagua Jumatatu moja niifuate mwanzo hadi mwisho, maana nikichanganya siku zote naona wastani tu na sioni kilichotokea. Tiketi zilikuwa 113. Kati ya saa 1:00 na 1:30 zilitoka 31, halafu zikapungua taratibu: 13, 12, 10, 9, na kuendelea hivyo hadi mchana.

Ukichora mchoro unasema moja kwa moja kwamba watu wengi wanafika saa moja. Nusura niandike hivyo. Kilichonizuia ni kuona kwamba 19 kati ya zile 31 zilitoka ndani ya dakika sita za kwanza, yaani mfululizo, mtu mmoja nyuma ya mwingine. Watu hawafiki hivyo. Hiyo ni foleni iliyokuwa tayari imesimama getini, ikasubiri mashine iwashwe.

Siku iliyofuata nikaenda mwenyewe saa 12 asubuhi. Ni Julai, na anayeijua baridi ya Mbeya ya Julai anajua nasema nini: watu wamejifunika vitenge na mablanketi, mmoja kaja na chupa ya chai. Ilipofika saa 1 kasoro dakika tano niliwahesabu 17. Kwa hiyo mtu wa tiketi namba 1, ambaye kwenye faili anaonekana amesubiri saa moja na nusu, kwa kweli alikuwa hapo tangu gizani. Muda wa tiketi unaanza mashine inapoamka, hauanzi mgonjwa anapofika, na hakuna hesabu ya kurekebisha hilo. Nimeandika pembeni ya mchoro kwamba nusu saa ya kwanza isisomwe kama muda wa kufika.

Jumatano: walioitwa hawapo

Kuna tiketi 9 ambazo chumba kiliita, na chini ya dakika moja baadaye chumba hichohicho kikaita nyingine. Hakuna daktari anayemaliza mgonjwa kwa sekunde 40. Hao walikuwa wameshaondoka. Nimewatoa kwenye hesabu ya kasi ya vyumba, wakabaki 104 walioonwa kweli, lakini sikuwafuta. Wengi wao walichukua tiketi kati ya saa 2 na saa 3 na nusu. Ukiwasahau, hesabu yako ya kusubiri inakuwa ya wenye subira peke yao.

Kwa wale 104, ukiwapanga kuanzia aliyesubiri kidogo hadi aliyesubiri zaidi, yule wa katikati alikaa karibu saa mbili na nusu.

Jumamosi ya pili: mistari miwili

Mchoro ulionifungua macho haukuwa wa tiketi kwa saa. Nilichora mistari miwili kwenye karatasi moja. Mmoja unapanda kila tiketi inapotolewa, wa pili unapanda kila mtu anapoitwa. Umbali wa kusimama kati ya mistari, dakika yoyote ile, ni idadi ya watu walio kwenye mabenchi. Umbali wa kulala ni muda aliosubiri mtu wa namba hiyo, mradi watu wanaitwa kwa mpangilio wa namba.

Mstari wa juu nimeshaueleza. Mstari wa chini ulikuwa na mambo yake. Ulilala chini kabisa hadi saa 2:30, kwa sababu Jumatatu kuna kikao cha ripoti ya asubuhi. Muda huo wameshakaa watu 56. Kisha ukapanda vizuri, vyumba vitatu, kila kimoja kikiita mtu kama kila dakika saba na nusu. Hiyo ni watu 24 kwa saa. Kufika saa 4:00 walikuwa wameitwa 36.

Halafu, kuanzia saa 4:00 hadi saa 5:00, mstari ukakaribia kulala tena. Kwa saa nzima waliitwa 8 tu, hiyo ni kasi ya chumba kimoja. Baada ya hapo ulipanda kama mwanzo hadi mtu wa 104 akaitwa saa 7:30 mchana.

Sasa tazama aliyeumia. Mtu wa 44 alichukua tiketi saa 2:00 na kuitwa saa 5:00. Wa 56 alichukua saa 2:30 na kuitwa saa 5:30. Saa tatu kamili kila mmoja. Hawa ndio waliosubiri zaidi siku nzima, na hawakufika kwenye kile kinachoonekana kama kilele. Walifika msongamano wa getini umeshapita, wakadhani wamewahi kiasi, kumbe zamu yao inaangukia kwenye lile pengo la saa nne.

Jumapili ya pili: kutafuta pengo bila kubahatisha

Kuona kwa macho hakutoshi, nilitaka faili lenyewe lionyeshe. Muda wa mgonjwa kutoka chumbani hauandikwi, kwa hiyo nimetumia muda kati ya wito mmoja na wito unaofuata wa chumba hichohicho, nikiuliza pia ni wangapi walikuwa wanasubiri wakati huo.

```python
d = d.sort_values(["chumba", "ilipoitwa"])
d["pengo"] = (d.groupby("chumba")["ilipoitwa"].shift(-1)
              - d["ilipoitwa"])

def wanaosubiri(t):
    return ((d.ilipotolewa <= t) & (d.ilipoitwa > t)).sum()
```

Sharti la pili ndilo muhimu. Chumba kikikaa dakika 40 bila kuita saa 8 mchana na ukumbi ni mweupe, hilo si pengo, ni mapumziko halali. Nimebakiza mapengo ya zaidi ya dakika 25 ambapo kuna angalau mtu mmoja anasubiri. Jumatatu ile yalibaki mawili: chumba namba 2, kuanzia saa 4:02 hadi 5:01, na chumba namba 3, saa 4:05 hadi 4:58. Wakati huo benchi lina watu 46.

Nilishaandaa maneno makali kichwani kuhusu chai. Nashukuru sikuyasema.

Jumanne: kwa mganga mfawidhi

Nilimpa shikamoo, nikamwekea mchoro mezani. Aliuangalia kimya, akaweka kidole kwenye saa nne.

"Chumba cha pili ni chai, sikatai," akasema. "Lakini huyu wa tatu, mdogo wangu, hakuwa anakunywa chai. Aliitwa wodi ya wazazi."

Faili langu linajua kwamba kitufe hakikubonyezwa, halijui kwa nini. Daktari anayeshona jeraha, aliyeitwa wodini na aliye kantini wote wanaacha alama ileile. Nimebadilisha jina la safu kutoka `hayupo` kuwa `hakuna_wito`. Ni jambo dogo, lakini karatasi yenye neno la kwanza ikibandikwa ukutani ingeleta ugomvi, tena ugomvi wa uongo.

Akaniuliza swali la maana zaidi: akipata mtu mmoja tu wa kuongeza, amweke wapi? Hapo hesabu ni ya mkononi. Chumba kimoja kwa saa moja ni watu 8. Vyumba vitatu vinaita 24 kwa saa, kwa hiyo watu 8 ni sawa na dakika 20. Ukiongeza chumba kimoja kwa saa moja wakati foleni ipo, kila aliye nyuma anasogea mbele dakika 20. Kwa hiyo cha kuangalia ni wangapi wako nyuma. Saa 5:00 walikuwa wamebaki 60 wa kuitwa, na dakika 20 mara 60 ni saa 20 za watu kukaa. Saa ileile ya daktari ukiiweka kuanzia saa 6:30 mchana inawagusa 24 waliobaki, na wengi wao kwa sehemu tu.

Chumba kimoja kikianza saa 1:30 bila kusubiri kikao kwisha, kinawafaa karibu wote 104. Alicheka. Kikao hakiguswi, akasema, maagizo hayo yanatoka juu yake. Chai ya zamu anaweza: daktari mmoja saa 3:30, mwingine saa 4:30, na akiitwa mtu wodini, wa chai anasubiri.

Jumatatu mbili baadaye

Wamejaribu. Kufikia saa 5:00 waliitwa 52 badala ya 44. Ni Jumatatu moja tu, na siku hiyo wodi ya wazazi haikuita mtu, kwa hiyo siwezi kuipa chai sifa zote.

Ila mama alirudi nyumbani muda uleule. Foleni imehamia dirisha la dawa, na pale hakuna mashine, kuna daftari. Daftari hilo ndilo lililonikumbusha suala la saa. Dada wa asubuhi anaandika "3:50" akimaanisha saa tatu na dakika hamsini. Kaka anayempokea anasoma saa ya simu na kuandika "9:50" kwa dakika hiyohiyo. Nilipojumlisha saa sita kwa wote, baadhi ya wagonjwa walipata dawa saa 9:50 alasiri, dirisha likiwa limefungwa. Mstari mmoja mmoja hausaidii, lakini daftari linajazwa kwa mpangilio, kwa hiyo kila mstari lazima uangukie kati ya wa juu yake na wa chini yake. Nimeandika sharti hilo kwenye programu, na mistari inayokataa kwa saa zote mbili naifungulia picha ya daftari na kuisoma kwa macho. Nimefika ukurasa wa sita.