Mzigo wa saa kumi na moja jioni

Rasimu ya mpango wa kuboresha utendaji niliyoletewa mwanzoni mwa Machi 2018 ilikuwa na sentensi moja: mtunza stoo "aongeze umakini, awajibike zaidi, na mabadiliko yaonekane haraka". Nilikuwa ofisa utumishi wa kampuni ya usambazaji Dar es Salaam, na meneja alitaka isainiwe siku hiyohiyo. Nilikataa. Umakini wa mtu utaupima kwa kipimo gani? Isitoshe, Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamtaka mwajiri achunguze kwanza sababu ya utendaji duni, atoe maelekezo au mafunzo, na ampe mfanyakazi muda wa kutosha kujirekebisha.

Nikashuka stoo, nikamwamkia mzee, tukafungua leja. Katika hesabu tatu za mwisho, kila moja ya bidhaa 40, zilizopishana na leja zilikuwa 9, 7 na 11. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: katoni 60 za sabuni zilishushwa saa kumi na moja jioni, zikaandikwa kesho yake saa nne, na asubuhi hiyo 12 zilikuwa zimeshatoka.

"Mwanangu, napokea mimi, natoa mimi. Nikikaa kuandika, madereva wanapiga honi."

Basi lengo tukaliandika hivi: "Katika hesabu ya kila Ijumaa ya bidhaa 40, zitakazopishana na leja zisizidi 5 ifikapo tarehe 29 Machi, na zisizidi 2 ifikapo tarehe 27 Aprili." Meneja alitaka sifuri. Nikamwonyesha kwamba hata stoo ya pili, ambayo hakuwa akiilalamikia, haikuwahi kupata sifuri.

Kwenye msaada ndiko tulikobishana zaidi. Yeye aliandika "atasaidiwa inapobidi", maneno yasiyomfunga mtu yeyote. Tukaweka: "Msimamizi wa zamu atatoa mzigo kuanzia saa kumi jioni ili mtunza stoo aandike mapokezi kabla ya kufunga. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi watapitia leja pamoja kwa nusu saa. Wiki ambayo msaada huu haukutolewa haitahesabiwa." Sentensi hiyo ya mwisho niliipigania, maana bila hiyo mzee angebeba kosa la msimamizi.

Mpango ulianza Jumatatu, tarehe 5 Machi. Tathmini zilikuwa tarehe 16 na 29 Machi, kisha 13 na 27 Aprili. Ya pili ilikuwa iwe tarehe 30, lakini hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Tukairudisha Alhamisi pamoja na hesabu yake, kwa sababu kikao kikishapita bila saini, baadaye kila mtu hukikumbuka kivyake. Kila tathmini ilikuwa na nafasi ya maelezo ya mfanyakazi mwenyewe.

Tarehe 29 zilipishana 6. Kwenye nafasi yake mzee akaandika: "Wiki ya tarehe 19 msimamizi alikuwa likizo." Tukaangalia rejesta ya zamu, ikawa kweli. Wiki ile haikuhesabiwa, na mpango ukasogezwa hadi tarehe 4 Mei.